Sentimita Sitini za Velveti

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa jambo moja: sijawahi kununua kitambaa nikapungukiwa. Mafundi wenzangu wa ile safu yetu ya mabanda hapa Tunduma hununua kwa macho. Mtu anaingia dukani, anasikia bei ya mita, anachukua ya bei ndogo, na akishatandika mezani ndipo anaanza kumwita Mungu. Nilikuwa nawacheka mbele za watu. Mdomo wangu haujawahi kuwa na pazia, na pale sokoni kila mtu analijua hilo.

Nilikuwa nawaambia, mita inakupa urefu, haikupi upana. Mita ya kitambaa chenye upana wa sentimita mia na kumi na tano na mita ya chenye upana wa mia na hamsini ni mali mbili tofauti, hata kama muuzaji anazitaja kwa sauti ileile. Chukua bei, gawa kwa upana, ndipo uone unalipa nini. Halafu shika uzito. Halafu geuza upande wa nyuma uone kimefumwaje. Ukishamaliza hayo, chora vipande vyako vyote kwenye karatasi uone vinakaaje ndani ya upana huo, kwa sababu kuna kitambaa rahisi kinachokula pesa kwa mabaki. Nilikuwa na daftari la michoro hiyo. Nilitembea nalo kama mchungaji na Biblia yake.

Basi mwaka ule, kwenye baridi ya mwezi wa sita, akanijia mama mlezi wa kwaya ya kanisa la kule mlimani. Mama mtu mzima, mnene, mwenye kusema polepole, ukidhani anakuonea huruma. Kwaya yake ilikuwa na waimbaji kumi na wanane, yeye mwenyewe akiwemo, na walitaka majoho ya velveti, rangi ya damu ya mzee. Walikuwa wamechanga wenyewe hela ya kitambaa, laki nne na elfu thelathini na tano, ufundi wangu mbali. Fundi mmoja alikwisha kuwaambia haitoshi. Jina la huyo fundi lilinitosha mimi kusema inatosha na chenji inabaki.

Nilivuka kwa miguu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa sababu velveti nzuri siku zile ilikuwa kule. Duka lilikuwa na majora mawili ya rangi tuliyoitaka. La kwanza upana mia na kumi na tano, mita shilingi elfu saba. La pili upana mia na hamsini, mita elfu tisa. Fundi wa macho angeondoka na la elfu saba akiimba. Mimi nikatoa kalamu. Elfu tisa kwa mita moja na nusu ya upana ni elfu sita kwa kila mita ya mraba. Elfu saba kwa ule upana mdogo inatoka elfu sita na themanini na kitu. Kumbe lile la elfu tisa ndilo nafuu, kwa eneo.

Nikaomba kipande kidogo cha kila jora, nikavikata sawasawa, sentimita kumi kwa kumi, nikarudi navyo nyumbani. Jirani yangu wa banda la tatu hununua dhahabu ya wachimbaji wadogo wanaotoka Mkwajuni, na ana kimizani kinachohesabu hata chembe. Akanipimia huku akinitania kwamba sasa nimeanza kushona dhahabu. Kile cha jora jembamba kilikuwa gramu moja na pointi tisa, kile cha jora pana gramu tatu kamili. Ukizidisha kwa mia unapata uzito wa mita ya mraba: mia na tisini, na mia tatu. Tena kile chepesi kilikuwa kimesukwa kwa vitanzi kama sweta, ukikivuta kinarefuka. Joho la kitambaa cha hivyo, baada ya miezi mitatu kwenye hanga, pindo lake linafagia sakafu. Kile kizito kilikuwa cha nyuzi za kukatana, mgongo wake imara, hakivutiki hata ukiking'ang'ania.

Hapo sasa ndipo velveti inapoachana na vitambaa vingine. Ina manyoya, na manyoya yanalala upande mmoja. Ukipapasa kwenda chini mkono unateleza, ukipapasa kwenda juu yanasimama na kukukwaruza. Yakilala kwenda chini, rangi inang'aa na kuwa nyepesi. Yakielekea juu, rangi ileile inazama na kuwa nzito, karibu nyeusi. Kwa hiyo vipande vyote vya nguo vikatwe vichwa vikiangalia upande mmoja. Joho linapanuka chini: kipande cha mbele ni sentimita hamsini mabegani na tisini kwenye pindo, na cha nyuma hivyohivyo. Kwenye gabadini, isiyo na manyoya, ningelaza cha mbele kichwa juu na cha nyuma kichwa chini, vikalala pamoja ndani ya upana mmoja, na joho zima likatoka kwa mita mbili. Kwenye velveti huwezi. Kila kipande kinataka urefu wake peke yake, na mikono inakaa kwenye nafasi inayobaki pembeni. Joho moja mita mbili na sentimita sabini.

Mara kumi na nane ni mita arobaini na nane na sentimita sitini. Kwa elfu tisa, inatoka laki nne na thelathini na saba elfu na mia nne. Nilizidi kwa elfu mbili na mia nne tu, bila hata akiba ya mita moja ambayo fundi mwenye akili lazima ainunue. Lile jora jembamba lingetaka mita tatu na thelathini na tano kwa kila joho, na pamoja na wingi huo lingebaki ndani ya bajeti. Lakini lilikuwa sweta, nami sikutaka kushona sweta.

Elfu mbili na mia nne. Ningeitoa mfukoni na isingenipa njaa. Lakini nilikwisha kusema chenji inabaki, na nilitaka kuirudisha hiyo chenji mbele ya waimbaji, nikimhesabia mama mlezi mkononi ili habari imfikie yule fundi mwingine. Nikanunua mita arobaini na nane kamili. Nikajiambia kila joho litatoa sentimita tatu na ushee, nani atajua? Nikarudisha elfu tatu. Wakanipigia makofi na mimi nikayapokea, sina haya.

Velveti inateleza ikikatwa. Unaweka mkasi hapa, kitambaa kinajisogeza pale, manyoya kwa manyoya. Zile sentimita tatu nilizopanga kuiba kila mara zilipotelea kwenye kunyoosha. Joho la kwanza likala mbili na sabini, la pili hivyohivyo, nikasema nitafidia kwenye la tano, kisha kwenye la kumi. Nilipomaliza kukata la kumi na saba nikanyoosha futi juu ya kilichobaki. Mita mbili na sentimita kumi. Nikapima tena kuanzia upande wa pili kana kwamba futi ingenionea huruma. Nilikuwa nimepungukiwa na sentimita sitini zilezile.

Asubuhi yake nilivuka tena. Jora lilikuwa limeisha, na jipya lililofika lilikuwa limeiva zaidi kidogo kwenye rangi, kama mtoto na baba yake. Mbele ya mtu wa kawaida ni rangi moja. Kwenye mstari wa watu kumi na wanane lingeonekana kuanzia mlangoni. Nikarudi mikono mitupu, na siku ya kuyavaa ilikuwa Jumapili ile.

Kulikuwa na njia ya uungwana. Ningeweza kukata kipande cha mgongo mara mbili na kukiunga kiunoni kwa mshono, manyoya yote yakaelekea chini. Lakini mshono wa kulala mgongoni unaonekana, na kila anayejua nguo angeuona akasema kitambaa kilimpungukia huyu. Sikuweza kuumeza huo. Kwa hiyo nikafanya kama kwenye gabadini. Kipande cha mbele nikakilaza vizuri, cha nyuma nikakigeuza kichwa chini, vikaingia pamoja, na mikono ikapata nafasi yake. Joho likatoka zima. Mbele lilikuwa sawa na mengine yote. Mgongoni manyoya yalipanda juu. Pale bandani, chini ya bati, nililiangalia nikaona giza kidogo tu. Nikasema mgongo, nani anaangalia mgongo.

Jumapili nilienda kuiona kazi yangu. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Kwaya iliingia kwa mlango mkubwa, mmoja mmoja, wakinipita na kuelekea mbele, na mimi nikawa naiona migongo. Jua la asubuhi liliingia nyuma yao kupitia mlango ulio wazi. Migongo ilikuwa ikiwaka, nyekundu ya kupendeza, mmoja baada ya mwingine, nikaanza kuvimba kichwa. Kisha nikamwona mtu mwingine katikati yao. Alikuwa mweusi. Alitembea ameshikamana na mwimbaji wa kumi na mbili, nyayo kwa nyayo, hana kichwa chake mwenyewe, hana miguu.

Nilihesabu. Wallahi nilihesabu kumi na tisa, mimi niliyekata majoho yale kwa mikono hii.  Mtoto aliyebebwa benchi la mbele yangu akaacha kunyonya akakodoa macho. Halafu waimbaji wakafika mbele, wakageuka kututazama, na yule mtu hakuwepo. Kumi na wanane, wote rangi moja. Mwimbaji wa kumi na mbili alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, akiimba sauti ya pili huku amefumba macho. Ndipo nikakumbuka ni joho gani.

Walipotoka ilikuwa vilevile. Bibi mmoja pembeni yangu alivuta kanga yake akafunika mdomo na kusema taratibu, kana kwamba anajisemea, "Anatembea na mtu wake." Nikajifanya sikusikia.

Mwanamke yule alitoka ng'ambo, upande wa Zambia, na aliolewa huku na kijana wa Ndalambo. Mume alifariki mwaka uliotangulia, ghafla, amelala mzima hakuamka. Walikuwa na binti mmoja wa miaka sita. Ndugu za mume hawakuwahi kumpenda, na baada ya msiba maneno yalikuwa mengi, lakini maneno matupu huchoka. Sasa yakapata kitu cha kuonyesha. Wiki ya pili watu walikaa kwa makusudi mabenchi ya nyuma. Wiki ya tatu mwimbaji wa nyuma yake akaomba kubadilishiwa nafasi, na aliyewekwa badala yake akaacha pengo la hatua tatu. Pengo lile ndilo lilinitisha kuliko kitambaa, maana walitembea wakilitunza, kama wanampisha mtu. Wakasema akitugeukia, yule hujificha nyuma yake. Wakasema siku za ukungu anakuwa mrefu zaidi. Na kweli, siku ya ukungu, mwanga ukiwa umepooza, mgongo ule ulikuwa shimo, na mimi niliyejua sababu nilisikia ubaridi ukinipanda kwenye shingo. Ningekuambia nilikuwa na amani kwa kuwa nilijua, ningekuwa mwongo.

Siku moja mchana alikuja bandani kwangu na lile joho amelivaa juu ya nguo zake. Kiswahili chake kilikuwa na mtelezo wa Kibemba, na alimwita kila mwanamke mkubwa mayo, yaani mama. Alinigeuzia mgongo.

"Mayo, kuna nini hapo nyuma yangu?"

Nilikuwa na cherehani mbele yangu, mguu wangu uko kwenye pedali. Alikuwa amesimama mlangoni na mwanga wote ulimwangukia. Sijawahi kuona weusi wa namna ile kwenye kitambaa chekundu.

"Hakuna kitu, mwanangu."

"Wamenipiga picha. Wameituma kwenye kundi la kwaya." Akanionyesha simu bila kugeuka, mkono umepita begani. Kwenye picha ilikuwa mbaya zaidi. Simu ilikuwa imekamata migongo mingine ikimeta na wa kwake umekatwa kama kwa mkasi. "Mimi siwezi kujiona. Kwenye kioo nikijipinda naona begani tu, na nikilivua nikalitandaza kitandani naona giza kidogo tu. Wewe ndiye uliyelishona, niambie."

"Ni mwanga tu," nikasema. "Nenda zako, usisikilize watu."

Aliirudisha simu mfukoni. Kisha akasema ndugu wa marehemu wanakuja kutoka Ndalambo Jumamosi, na wameomba kikao na mama mlezi pale kanisani, kwa sababu wanataka kumchukua mtoto. Wanasema mtoto hawezi kulala chumba kimoja na mama anayembeba baba yake mgongoni. Alisema bila kulia. Akaniaga kwa kupiga makofi ya taratibu mara mbili na kukunja magoti, adabu ya kwao, akaondoka. Mimi nikaendelea kukanyaga pedali, na baadaye nikaona kwamba nilikuwa nashona bila uzi.

Nilipitisha siku tatu za taabu. Nilijua dawa ni kusema, na kusema maana yake ni kusimama mbele ya watu walionipigia makofi na kuwaambia nilinunua kitambaa pungufu ili nirudishe elfu tatu. Nitamcheka nani tena sokoni? Ijumaa nilishika mkasi kukata sare za shule na mkono ukakataa. Nikajitukana mwenyewe kwa Kindali, lugha ya nyumbani kwetu Ibaba, maana matusi ya kweli mtu huyajua kwa lugha ya mama yake. Jumamosi nikafunga banda mapema nikapanda mlimani.

Walikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa wanachofanyia mazoezi. Mama mlezi, waimbaji karibu wote, na kaka mkubwa wa marehemu, mwanamume mkimya mwenye koti kubwa, kofia yake iko gotini. Mjane alikaa peke yake kwenye benchi karibu na ukuta, mgongo ameubana ukutani, joho limekunjwa mapajani. Binti yake alisimama katikati ya magoti yake. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili.

Nikaomba kusema kabla hawajaanza. Nikaomba joho la mjane na joho la mwimbaji mwingine yeyote. Nikayatundika mawili dirishani, migongo ikiwaelekea watu, moja jekundu na moja jeusi. Watu wakasogea nyuma. Nikamwita kaka wa marehemu aje na mkono wake. Akapapasa lile jekundu kwenda chini, ukateleza. Akapapasa lile jeusi kwenda chini, manyoya yakamkwaruza. Kisha nikalichukua lile jekundu nikaligeuza, pindo juu na mabega chini, nikalitundika tena hivyohivyo. Lilizama palepale. Likawa jeusi kama la mwenzake, mbele ya macho yao. Nikaligeuza lile la mjane, nalo likawaka. Nikafanya hivyo mara tatu nne, na kila mara mama mlezi alivuta pumzi kwa sauti.

"Hakuna mtu hapa," nikawaambia. "Kuna uzembe wangu." Nikaeleza yote: majora mawili, kimizani, mita arobaini na nane, sentimita sitini, na ile elfu tatu. Nilisema hadi mdomo ukakauka. Niliona mabega ya waimbaji yakishuka, mmoja akaanza hata kutabasamu kwa aibu. Nikajua nimemaliza.

Kaka wa marehemu alikuwa bado amesimama dirishani, vidole vyake viko juu ya kitambaa. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningemmudu, hasira naijua.

"Kitambaa tumekielewa, fundi," akasema. "Umetufundisha vizuri. Lakini majoho yalikuwa kumi na nane na lililogeuzwa ni moja. Kati ya hao kumi na wanane, nani aliyeuongoza mkono wako ukamshonea hili mke wa ndugu yangu?"

 Niliwaona wakilichukua lile swali na kulikumbatia, hata yule aliyetabasamu. Kila nilichoeleza kilikuwa kimegeuka kuwa ushahidi mpya.

Kuna jambo sijalisema mpaka hapa, na pale kikaoni pia sikuwa nimelisema. Nililiruka nikidhani halina kazi. Nilipobaki na zile mita mbili na sentimita kumi, karatasi za vipimo zilizokuwa mezani zilikuwa tatu. Nilikuwa bado sijashona la mama mlezi mwenyewe, wala la binti wa mzee wa kanisa, wala la huyu. Mawili ya mwisho nilikwisha kuyakata vizuri bila kuyapa mwenyewe, na la tatu ndilo lingekuwa la kugeuza. Niliziangalia zile karatasi kama mtu anayechagua nyanya.

"Hakuna aliyeniongoza," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, si ile yangu ya sokoni. "Nilimchagua mimi. Nilimchagua kwa sababu ametoka ng'ambo, mume wake amekufa, na hana mtu wa kuja kugomba bandani kwangu. Nilijua hata akigundua hatasema."

Hakuna aliyevuta pumzi safari hii. Kaka wa marehemu aliniangalia kwa muda, halafu akaangalia chini, na nadhani aliona aibu kwa sababu hesabu yangu na yake zilifanana. Alivaa kofia. Akasema kwa mama mlezi kwamba mtoto abaki kwa mama yake, wao watakuja kumsalimia kama ndugu. Akatoka. Mama mlezi akainama kwa taabu, akamwinua mjane kwa viwiko, akamwomba radhi kwa niaba ya kwaya. Wengine wakafuata. Nilisubiri nje, maana hapakuwa na nafasi yangu mle.

Alipotoka alikuwa na mtoto mkono mmoja na joho kwenye mkono mwingine. Nilimwambia nitalifumua usiku huohuo, nitakata mgongo mpya hata kwa jora la rangi nyingine, nitamshonea jipya kabisa kwa hela yangu, chochote anachotaka.

"Awe, mayo, hapana. Usilifumue."

Alimtuma mtoto atangulie mbele kidogo. Alingoja mpaka mtoto akafika kwenye jiwe la kona.

"Waliposema anatembea nyuma yangu, mwanzo niliogopa," akasema. "Nikalala taa inawaka. Halafu nikasema, kama ni yeye, ni mume wangu, ananiogopesha kwa nini? Aliondoka hatukuagana. Nikaanza kuongea naye nikitoka mazoezini. Nikimwambia mtoto amejua kuandika jina lake. Nikimwambia ndugu zako wananitesa. Nilikuwa natembea polepole asichoke." Alilikunjua joho, akalitazama upande wa nyuma kwa mara ya kwanza akijua anaangalia nini, akapitisha kiganja kwenda juu, upande ambao manyoya yake yaliteleza. "Leo mtoto wangu umenipa, natotela, asante. Lakini yeye umemchukua tena."

 

Akalivaa joho palepale barabarani kwa ajili ya baridi, akafunga vifungo vya mbele hadi shingoni, akaanza kushuka mlima kumfuata mtoto. Alitembea haraka, kama mtu aliye peke yake.